Waliosaini 118, waliopiga kura 71

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, mkoani Mtwara. Kwenye rejista yetu tuko wanachama 212. Masharti ya chama yanasema: "Akidi ya mkutano mkuu itakuwa nusu ya wanachama wote." Maana yake 106.

Juzi tulifanya mkutano mkuu wa mwaka. Wito ulikuwa wa saa 3 asubuhi, lakini watu walikuja kidogo kidogo. Ilipofika saa 5 karatasi ya mahudhurio ilikuwa na saini 118, mwenyekiti akafungua mkutano. Wageni nao walisaini humo humo. Tulikwenda vizuri: muhtasari uliopita, taarifa ya bodi, hesabu, makisio. Saa 8 mchana ikaja habari ya msiba kijiji cha jirani. Watu wakaanza kuinuka, wengine wakapakizana kwenye pikipiki. Ajenda iliyobaki ilikuwa ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, ili tukope milioni 45 tumalizie ghala kabla ya msimu. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilihesabu mwenyewe: 58 walikubali, 6 walikataa, 7 hawakunyoosha popote. Jumla 71. Mwenyekiti akatangaza ajenda imepita.

Sasa naandika muhtasari. Mwenyekiti ni baba mdogo wa mume wangu, ndiye aliyemlea mume wangu. Ananiambia, "Mwanangu, andika 118. Si walisaini? Walikuwepo." Benki inausubiri muhtasari huo. Nikiandika 71, ghala halitaezekwa na nitaonekana nimemwaibisha baba mbele ya kijiji. Nikiandika 118, saini yangu iko chini. Mume wangu ananiambia nisilete ugomvi nyumbani. Mkutano wetu umekufa wote? Nifanye nini?

Katibu, Mtwara

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kazi, na pole kwa msiba wa jirani.

Kabla hatujafika kwa baba, nenda kachukue karatasi ya mahudhurio, ile yenyewe yenye saini, usichukue nakala safi uliyoipiga chapa. Ikunjue mezani, weka rejista pembeni, upitie jina moja baada ya jingine. Nakuomba hivyo kwa sababu barua yako yote inagombana na 71, huku 118 umeipokea bila kuihoji. Mimi ningeanza na hiyo 118.

Akidi, au koramu kama wazee wengi wanavyoiita, ni idadi ya chini ya wenye haki ya kuamua ambao lazima wawepo ili uamuzi uwafunge na wasiokuwepo. Neno la kushika hapo ni "wenye haki ya kuamua". Umesema wageni walisaini karatasi ileile. Afisa ushirika, mtendaji wa kijiji, mtu wa benki, dereva wake: wote wanakaribishwa, wote wanakunywa chai, hakuna hata mmoja anayehesabiwa kwenye akidi. Tuseme wageni walikuwa watano. Hapo 118 imekuwa 113, na bado mko salama kwa watu saba. Sasa angalia saini zenyewe. Nimekaa na karatasi za namna hiyo miaka mingi, na jicho langu huenda kwanza kwenye mistari miwili inayofuatana yenye mwandiko mmoja na wino mmoja. Mara nyingi ni mke aliyesaini lake na la mumewe aliyebaki shambani, au mtoto aliyetumwa asaini kwa niaba ya mzee mgonjwa. Hawakukusudia ubaya. Lakini kama masharti yenu hayaruhusu mwanachama kuwakilishwa, aliyeko shambani hayupo mkutanini. Ukikuta wanane wa namna hiyo, 113 inashuka hadi 105, na 105 haifiki 106. Hapo swali linakuwa jingine kabisa: hamkuwa na akidi hata saa 5 mlipofungua, na kila kilichopitishwa siku ile, hesabu na makisio pamoja, kina shaka ileile.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ni vizuri ulijue wewe kwanza, kabla hajalijua mwingine.

Sasa chukulia karatasi imesimama vizuri: wanachama halisi walikuwa 106 au zaidi saa 5. Umeniuliza kama mkutano umekufa wote. Kwa ninavyoelewa, hapana. Mambo yaliyoamuliwa watu wakiwa wametimia hayafutiki kwa sababu baadaye walitoka. Shaka inaangukia ajenda moja tu, ile iliyopigiwa kura watu wakiwa 71.

Hata kwenye ajenda hiyo, baba yako ana hoja kuliko unavyompa. Masharti ya vyama hayaandikwi sawasawa. Yapo yanayosema akidi iwepo "wakati mkutano unapoanza shughuli zake". Chini ya maneno hayo wapo wanaosoma kwamba ukishaanza halali, kupungua kwa watu baadaye hakuuvunji. Yapo mengine yanayosema wazi kwamba hakuna jambo litakaloamuliwa bila akidi, na hayo yanadai watu wawepo kura inapopigwa. Kifungu ulichonukuu hakisemi hili wala lile. Kinasema nusu, kisha kinanyamaza. Kwa hiyo soma vifungu vinavyokifuata, na vile vya upigaji kura, kabla hujaamini kwamba baba anakutaka udanganye. Huenda anaamini kweli kwamba saini ya asubuhi inatosha hadi jioni. Wenyeviti wengi wanaamini hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhesabu vichwa mara ya pili mbele yao.

Ukitaka mfano wa mbali kidogo, Katiba ya Kenya, ibara ya 121, inaweka akidi ya Bunge la Taifa kuwa wabunge 50. Mjadala ukiendelea na mbunge akasema watu hawatoshi, idadi huangaliwa, kengele ikalia kuwaita walioko nje, na wasipotimia kikao huahirishwa. Wale wameandika kanuni inayojibu swali la katikati ya kikao. Ninyi hamjaiandika, ndiyo maana mzigo umekuangukia wewe mwenye kalamu.

Na hapa kuna jambo ninalotaka ulitazame taratibu. Umeliweka kama ni 118 au 71, moja liishi na jingine life. Lakini muhtasari una nafasi ya zote mbili, na zote ni kweli. Juu, kwenye mahudhurio, unaandika wanachama waliosaini baada ya kuwatoa wageni. Chini, kwenye ajenda ya ukomo wa madeni, unaandika hivi: "Wakati wa kupiga kura wanachama waliohesabiwa ukumbini walikuwa 71. Waliokubali 58, waliokataa 6, wasiopiga kura 7. Mwenyekiti alitangaza ajenda imepita." Hapo hujasema akidi ilikuwepo, wala hujasema haikuwepo. Umeandika kilichotokea, na atakayesoma ataamua kwa kanuni anayoijua. Kosa linaingia pale tu kura inapoandikwa kana kwamba ilipigwa na 118, maana hiyo itahitaji uvumbue na mgawanyo wa kura ambao haukuwepo. Utawaweka upande gani wale 47? Wamekubali? Wako msibani.

Njia hiyo ina gharama yake, sitakuficha. Ukomo wa madeni si jambo la chama peke yake. Mkutano mkuu ukiupitisha, unapelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika uidhinishwe, na benki nayo ina mwanasheria wake. Mmojawapo akiona 71 kando ya 212, anaweza kuurudisha. Mtakuwa mmepoteza wiki kadhaa, na baba atasema, "Si nilikwambia?"

Upande wa pili nao uangalie kwa macho makavu. Tuseme umeandika 118, fedha zimetoka, ghala limeezekwa. Mwaka mmoja bei ikaanguka, makato ya mkopo yakaanza kuuma kwenye kila kilo. Mmoja wa wale 47 anasimama na kusema, "Mimi siku ile nilikuwa nazika, nani alinipigia kura?" Ana mashahidi msiba mzima. Mkaguzi anaomba karatasi, anaomba picha zilizopigwa na simu jioni ile, anahesabu viti vitupu. Hapo mjadala wa akidi huisha na unaanza wa kughushi, na aliyeshika kalamu ni wewe. Kibaya zaidi, deni lenyewe linaanza kutafutiwa mwenyewe: wanachama watasema hawakulikubali, na bodi itaulizwa ilikopa kwa idhini ya nani. Baba yumo ndani ya bodi hiyo. Usimfikirie tu kama mtu unayemwogopa. Yuko kwenye hatari ileile uliyomo.

Ipo njia ya tatu, ya kuirudisha ajenda hiyo moja mbele ya wanachama. Umeniandikia kifungu cha akidi peke yake, lakini ninashuku kuna kingine kinachofuata kinachosema akidi isipotimia mkutano utafanyaje. Vyama vingi vina utaratibu unaofanana: watu wanasubiriwa kwa muda uliotajwa, wasipotimia mkutano unaahirishwa hadi tarehe nyingine, wito mpya unatolewa, na kwenye mkutano huo wa pili wanachama watakaofika, wawe wangapi, ndio watakuwa akidi. Kama mnacho kifungu hicho, kisome hadi nukta ya mwisho. Kwa kawaida ruhusa hiyo inafunika ajenda ileile iliyokwama na si nyingine. Huwezi kuongeza ununuzi wa pikipiki ya chama kwa sababu tu mmekutana. Na mara nyingi haigusi mambo mazito kama kubadili masharti. Halafu jiulize kama inawahusu kweli: iliandikwa kwa mkutano ambao haukutimia tangu mwanzo, wakati ninyi mlitimia kisha mkapungua. Hilo ningelipeleka kwa afisa ushirika wa wilaya, kwa barua fupi ya maswali mawili, na ningeomba jibu la maandishi. Jibu la mdomo la "endeleeni tu" litakuacha ulipo.

Msipoahirisha, mnaweza kuitisha mkutano mkuu maalum wenye ajenda moja. Hapo mnahitaji tena 106 kamili, na watu wameanza kupulizia salfa. Ni kazi. Lakini ajenda moja haimalizi siku. Wito wa saa 2 asubuhi, kuhesabu vichwa, kura, saa 4 watu wako mashambani. Mwanachama anayejua hatashinda njaa huja. Wakishatimia, wanaweza kupitisha ukomo huo upya, na kura ya jioni ile haitakuwa na umuhimu tena. Lakini andikeni kwamba mnapitisha leo, tarehe ya leo, kwa idadi ya leo. Nimeona vyama vikikutana mwezi wa tano na kuandika uamuzi kana kwamba ulifanyika mwezi wa tatu. Hiyo ni 118 nyingine kwa mlango wa nyuma. Hatari ya njia hii unaijua: wale 6 waliokataa wamepata muda wa kuzungumza na wenzao. Huenda mkopo ukakataliwa. Mwenyekiti anayetaka ghala lazima alifikirie hilo kabla ya kusaini wito.

Kuna hofu moja ya kweli kwenye mikutano ya pili, na nilijifunza kwenye kamati ya chama kimoja cha kuweka na kukopa nilichokuwa karani wake. Tulikuwa wajumbe tisa, akidi watano. Mjumbe mmoja aligundua kwamba tukiwa watano kamili, akitoka nje kupokea simu kila tunapokaribia kura, kikao kinakwama. Alifanya hivyo miezi mitatu. Kwa hiyo kutofika nako ni silaha, na kifungu cha mkutano wa pili kiliwekwa ili wachache wasiwafunge wengi kwa kukaa nyumbani. Lakini kinakata pande zote mbili: mtu anaweza pia kutoa wito wa mkutano wa kwanza kimyakimya ili usitimie, kisha wa pili aukalie na jamaa zake ishirini. Kama mtakwenda njia hiyo, bandikeni wito ghalani, msikitini, kanisani na kwenye ubao wa kijiji, na weka kumbukumbu ya siku ulipobandika.

Kuhusu zile 212. Rejista ya chama cha korosho ina marehemu. Ina waliohamia mjini na kuuza mashamba. Kama masharti yanasema "wanachama wote", hao wote wanahesabiwa hadi watolewe kwa utaratibu, yaani warithi waandikwe au uanachama ukome kama masharti yanavyosema. Tuseme mkiisafisha mnawatoa 19. Mnabaki 193, nusu yake ni 96 na nusu, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, akidi ni 97. Unaona kwamba hata hivyo 71 haifiki, na kusafisha leo hakuwezi kurudi nyuma kuokoa kura ya juzi. Ukijaribu kufanya hivyo wiki hii watu watakunyooshea kidole. Lakini mkutano ujao utahitaji watu tisa pungufu, na watu tisa kijijini ni wengi.

Sasa baba. Umesema atahisi umemwaibisha mbele ya kijiji. Lakini kijiji bado hakijauona muhtasari. Una nafasi ya kumwonyesha yeye kwanza, faragha, na hapo aibu haina pa kukaa. Usiende na swali la "niandike ngapi?", maana jibu unalo. Nenda na rasimu yenye namba zote mbili, na kitabu cha masharti umekifungua kwenye kifungu. Msomee, kisha mwachie. Unaweza kusema: "Baba, nimeogopa wasije wakakugeuka kesho wakisema mkopo ulikuwa wako na si wa chama. Nisaidie kusoma hapa, tunatokaje?" Mtu mzima akiombwa njia hujibu tofauti na akipewa hukumu. Huenda akakasirika bado. Huenda akakwambia muhtasari ataandika mwingine. Hilo likitokea, utalazimika kuamua kama jina lako litabaki chini yake, na uamuzi huo siwezi kukufanyia nikiwa huku, sijui anavyokutazama mkiwa mmekaa chakula kimoja.

Mumeo nisingemweka kando. Anaogopa ugomvi kwa sababu anampenda baba yake mdogo, na huenda hajaelewa kwamba baba huyo naye ataulizwa. Mweleze habari ya wale 47 waliokuwa msibani. Yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati wa kura ile? Kama alikuwa mmoja wao, muulize alipiga kura gani.

Na kwa mikutano itakayokuja, ukibaki katibu: ajenda ya fedha isogee iwe ya tatu au ya nne, watu wakiwa hawajachoka. Wageni wawe na karatasi yao. Kabla ya kila kura ya fedha, mwombe mwenyekiti asimamishe mazungumzo, hesabu vichwa kwa sauti, mjumbe mwingine ahesabu nyuma yako, na namba iandikwe kwenye ajenda hiyohiyo. Ikipungua, utaisema pale pale wakiwa bado wanaonana, haitakuwa siri yako ya usiku.

Ila hayo ni ya mwakani. Usiku wa leo ni karatasi na rejista. Hesabu wageni, hesabu miandiko inayofanana, kisha soma kifungu kinachofuata kile cha akidi. Ukipata namba ya saa 5 iko chini ya 106, usimwendee baba kabla hujaniandikia tena, maana mazungumzo hayo yatakuwa mengine.

Mama